Kuunda Istilahi Itakayosemwa: Mwongozo Kamili kwa Msanifishaji wa Kiswahili

Mtu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha istilahi anajua siku inavyokwenda. Orodha iko mezani, maneno mia mbili ya kigeni upande wa kushoto, nafasi tupu upande wa kulia, na wajumbe wanajaza nafasi moja baada ya nyingine mpaka jua linazama. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo na nimeshiriki kupitisha maneno ambayo sikuwahi kuyasikia tena nje ya ukumbi ule. Jambo lililonisumbua kwa miaka mingi ni kwamba maneno yaliyokufa hayakuwa mabaya. Mengine yalikuwa na mantiki nzuri kuliko yaliyoishi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyepewa kazi hiyo, awe mhariri wa vitabu vya shule, mfasiri wa wizara, mtengenezaji wa mifumo ya simu au mjumbe wa baraza la lugha, naye anataka istilahi zake zisemwe na watu badala ya kulala kwenye kijitabu.

Wanaisimu hutofautisha upangaji wa hadhi ya lugha, yaani kuamua lugha itumike wapi, na upangaji wa umbo lake, yaani tahajia, sarufi na msamiati. Einar Haugen aliigawa kazi nzima katika sehemu nne: kuchagua lahaja, kuiwekea kanuni, kuieneza, na kuipanua ili ibebe mambo mapya. Kwa Kiswahili sehemu mbili za mwanzo zilishughulikiwa mapema. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ikashughulikia tahajia, kamusi na ithibati ya vitabu. Kazi ya kupanua ndiyo isiyokwisha. Tanzania iliikabidhi zaidi kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, likishirikiana na taasisi ya utafiti wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapo ndipo tulipo sisi tunaounda istilahi.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, na mingine nitaipitia inapohitajika. Mfano wenyewe ni ile siri ambayo mtu huiandika ili kufungua akaunti yake kwenye kompyuta au simu, ambayo mitaani huitwa paswedi. Nimeuchagua kwa sababu kwa kitu hicho Kiswahili kina majina yasiyopungua matatu yanayoshindana hadi leo, na kila moja linatufundisha jambo lake.

Hatua ya kwanza: sikiliza kabla ya kuunda

Usianze na karatasi tupu. Kitu kikishafika nchini huwa kimekwisha kupewa jina na wanaokishika, hata kama jina hilo halipendezi kwenye masikio ya wasomi. Chagua mahali patatu ambapo kitu hicho hutumika na watu wa aina tatu. Kwa mfano wetu, nenda kwa fundi simu, nenda kwenye chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari, kisha kaa karibu na kibanda cha wakala wa kutuma pesa. Andika sentensi nzima, wala si neno peke yake. Sentensi ishirini kutoka kila mahali zinatosha kuanzia.

Sababu ya kuandika sentensi nzima utaiona mara utakapoanza kuzisoma. Kwa wakala utasikia "ingiza namba yako ya siri", "nimekosea namba ya siri mara tatu", "usimpe mtu namba ya siri". Kwa fundi utasikia "umeweka paswedi gani", "imegoma, paswedi siyo", "niitoe paswedi?" Shuleni mwalimu atasema neno la siri anapofundisha na paswedi anapoharakisha. Tayari umejua mambo mawili ambayo kikao kisingekuambia. La kwanza, neno "siri" limekwisha kukaa vinywani mwa watu, hata wale ambao hawajawahi kugusa kompyuta. La pili, vitenzi vinavyofuatana na kitu hiki ni kuingiza, kuweka, kukosea, kutoa na kubadilisha, na istilahi yako italazimika kusimama vizuri mbele ya vitenzi hivyo.

Zingatia hasa ni nani aliyewafundisha watu kusema "namba ya siri". Huduma za kutuma pesa kwa simu zilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo mamilioni ya watu wamesoma maneno hayo kwenye skrini zao kila wanapotuma pesa, "namba" upande wa Tanzania na "nambari" upande wa Kenya. Hakuna aliyehitaji kukumbuka kijitabu. Mtu anahitaji pesa zake, mashine inamwambia aingize namba ya siri, naye anaingiza. Tutalirudia jambo hili katika hatua ya sita, kwa sababu naamini ndiyo njia yenye nguvu kupita zote za kueneza istilahi.

Hatua ya pili: tenga dhana, kisha panga ukoo wake

Kosa linaloua istilahi nyingi hutokea hapa, na halionekani mapema. Wajumbe hutafsiri neno badala ya kutaja dhana. Kabla ya kutafuta jina, andika kwa Kiswahili, kwa sentensi moja au mbili, kitu hicho ni nini na kinatofautiana vipi na jirani zake. Usipoweza kuieleza dhana kwa Kiswahili, bado hujawa tayari kuipa jina.

Kwa mfano wetu, ukikaa na mtu wa mifumo ya kompyuta utagundua kwamba siri zenyewe ni tatu. Ipo siri anayoichagua mtumiaji mwenyewe, yenye herufi, tarakimu na alama, inayofungua akaunti. Ipo siri fupi ya tarakimu tupu, mara nyingi nne, inayotumika kwenye simu ya pesa na kwenye kadi ya benki. Na ipo tarakimu inayotumwa kwa ujumbe mfupi, itumike mara moja tu ndani ya dakika chache kuthibitisha kwamba ni wewe. Mtu akizichanganya anaweza kumpa tapeli ile ya tatu akidhani si siri yake, maana hakuichagua yeye. Istilahi zinazotenganisha dhana hizi zinamlinda mtu na fedha zake.

Sasa panga ukoo. Ukiita ya kwanza neno la siri, ya pili namba ya siri, na ya tatu namba ya uthibitisho, umepata majina matatu yanayofahamiana: mawili yanashiriki neno "siri", mawili yanashiriki "namba", na kila jina linasema lake. Istilahi huishi kwa ukoo. Neno lisilo na ndugu humlazimu msomaji kulikariri peke yake, na watu wazima hawakariri maneno kwa ajili ya kulifurahisha baraza.

Hatua ya tatu: chagua njia ya kuunda

Njia tunazijua: kufufua neno la zamani, kupanua maana ya neno lililopo, kunyambua, kuambatisha maneno mawili, kutafsiri sehemu kwa sehemu, kutohoa kutoka lugha ya kigeni, kuchukua kutoka lugha nyingine za Kiafrika, kuhulutisha, na kuunda akronimu. Sitazieleza zote, kwa kuwa vitabu vya isimu vinazieleza. Nitasema ni zipi zinazozaa matunda, na kwa nini.

Kupanua maana ya neno lililopo ndiyo njia ninayoianza kila mara, hasa pale ambapo neno linakuja na jozi yake. Tazama *pakia* na *pakua*. Mchukuzi wa bandarini hupakia shehena na kuipakua. Mama jikoni hupakua chakula kutoka chunguni. Kompyuta ilipokuja na kitendo cha kupandisha faili mtandaoni na kingine cha kulishusha, jozi hiyo ilikuwa tayari imekaa ndani ya lugha, na kiambishi kile cha kutengua kinachotofautisha *funga* na *fungua*, *ziba* na *zibua*, kikafanya kazi yake bila kuitwa. Kutoka hapo tunapata kupakuliwa, upakuaji, kipakuliwa. Vijana bado husema kudaunilodi wakiwa peke yao, lakini wanapoandika hupakua, na hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake.

Kufufua neno la zamani hufaulu mara chache, lakini likifaulu hufaulu haraka. Barakoa lilikuwa jina la kifuniko cha uso kilichovaliwa na wanawake wa Kiarabu na wa tabaka la juu huko Unguja na pwani, na vijana wengi wa bara walikuwa hawajawahi kulisikia. Machi 2020 virusi vya korona vilipothibitishwa Kenya na Tanzania, kila gazeti na kila kituo cha redio kilihitaji neno katika siku zile zile, na barakoa likapita. Angalia kilicholisaidia: lilikuwa neno moja fupi, halibadiliki katika wingi, maana yake ya zamani ilikuwa karibu sana na ile mpya, na halikuwa linatumika kwa kitu kingine ambacho kingewachanganya watu. Lingefufuliwa mwaka 2010, naamini lingebaki kwenye kamusi.

Kuchukua kutoka lugha nyingine za Kiafrika kuna historia nzuri ambayo hatuitumii tena vya kutosha. Ikulu lilitoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma likiwa makazi ya mtemi. Ngeli, ambalo kila mwanafunzi wa sarufi analijua, lilitoka Kihaya. Maneno haya yana faida moja: yamekuja na umbo la Kibantu, kwa hiyo yanaingia kwenye mfumo wa upatanisho bila kusukumwa.

Uhulutishaji, yaani kukata vipande vya maneno mawili na kuvigandamiza, ndiyo njia ninayoiogopa zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Tarakilishi huelezwa kuwa limetokana na tarakimu na akili. Wazo ni zuri: mashine inayotumia tarakimu kwa akili. Lakini msikilizaji hasikii wazo hilo. Anasikia *taraki-*, ambalo si mzizi anaoujua, na *-lishi*, ambalo si kiambishi cha Kiswahili ingawa linafanana na kitenzi cha kulisha. Anayejua maana yake ni yule aliyefundishwa. Wakati huo huo kompyuta lilikwisha kutoholewa, linaishia na irabu, mkazo wake umekaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama maneno yetu karibu yote, linaingia kwenye ngeli ya nyumba na ndizi bila taabu, na linatambulika kwa kila anayesoma lugha nyingine. Tarakilishi lina maisha yake katika shule za Kenya, ambako wanafunzi wameliandika kwenye insha na kulijibu kwenye mitihani. Silidharau, na sioni sababu ya kumsahihisha mtoto anayelitumia. Lakini shule ndiyo inayolishikilia. Mtu akitoka darasani kwenda kununua mashine hiyo, anauliza bei ya kompyuta.

Kisa hiki kina sehemu ya pili ambayo haisemwi sana. Ilipokuja kompyuta ya kubebeka, waliokuwa na tarakilishi waliunda kipakatalishi, na waliokuwa na kompyuta waliunda kompyuta mpakato. Mzizi ni ule ule mzuri, *pakata*, kumweka mtoto mapajani, na kila Mswahili anauona mara moja. Katika kompyuta mpakato mzizi unasimama wazi na neno la kwanza linakuambia ni aina gani ya kitu. Katika kipakatalishi mzizi umefungwa mkia wa *-lishi*, ambao una maana tu kwa anayekumbuka tarakilishi. Uamuzi uliofanywa kwa neno moja umerithiwa na jingine, na ukoo mzima utasimama au kuanguka pamoja. Ndiyo maana hatua ya pili inakuja kabla ya hii.

Sasa turudi kwa siri yetu. Wagombea ni neno la siri, ambalo ni fungu la maneno; nenosiri, ambalo ni fungu hilo hilo lililounganishwa na ambalo utaliona kwenye kurasa za Kiswahili za huduma kubwa za mtandaoni; nywila, ambalo limo katika kamusi na hutumika katika mifumo kadhaa ya taasisi za umma Tanzania; na paswedi, la mitaani. Usimtupe hata mmoja bado.

Hatua ya nne: lipitishe neno kwenye sarufi

Kiingi, mtaalamu wa Uganda, alipendekeza vigezo tisa vya kupima istilahi, miongoni mwake usahihi, uwekevu, uzalishaji, uwazi wa maana, kuepuka matusi na, mwishoni, kukubalika. Vigezo hivyo vinasaidia sana, isipokuwa hicho cha mwisho kinanipa shida: kukubalika huwezi kukipima mezani, kwa kuwa ni matokeo ya vingine pamoja na mambo yaliyo nje ya neno lenyewe. Unachoweza kupima mezani ni kama neno linatembea ndani ya sentensi. Kipimo changu ni rahisi. Kila mgombea namwandikia sentensi tano: moja ya wingi, moja ya umilikaji, moja yenye neno hilo likiwa mtendwa, moja yenye kitu kinachohusiana nalo, na moja ya haraka, kama mtu anavyomwita mwenzake kutoka chumba cha pili.

Nenosiri: *manenosiri yako yote yamehifadhiwa, nenosiri langu, nenosiri limebadilishwa, kidhibiti cha manenosiri, we, nenosiri ni lipi?* Linatembea vizuri. Wingi wake unafanywa mwanzoni, pale ambapo Kiswahili hupenda kuuweka, na upatanisho wa *li-* na *ya-* unafuata. Neno la siri nalo linatembea, ila lina ugumu kidogo kwenye sentensi ya nne, kwa kuwa *kidhibiti cha maneno ya siri* kinaweza kueleweka kuwa kitu kinachodhibiti mazungumzo ya siri. Hapo ndipo kuunganisha maneno kunapopata kazi: neno moja lililounganishwa linasema kwamba hii ni dhana moja.

Nywila: *nywila zako zote zimehifadhiwa; nywila yangu; nywila imebadilishwa; kidhibiti cha nywila; we, nywila ni ipi?* Nalo linatembea, na kwa ufupi linawashinda wote. Lina sifa nyingine ambayo ni haki kuitaja. Siri yenyewe mara nyingi si neno. Ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiotamkika, na wataalamu wa usalama wanatuomba tusitumie neno la kawaida hata kidogo. Nywila halidanganyi juu ya hilo. Upungufu wake ni kwamba kwa msemaji wa leo halina ndugu. Mzizi hauonekani, na anayelisikia mara ya kwanza hulihusisha na nywele au na kunywa, kisha huuliza.

Paswedi: *paswedi zako*, *paswedi yangu*, na kadhalika. Nalo halina tatizo la sarufi. Utohoaji ukishafanywa na wasemaji wenyewe huwa umekwisha kutatua sarufi yake. Kwa hiyo usidhani kwamba neno la kigeni limeshinda kwa uvivu wa watu. Mara nyingi limeshinda kwa sababu lilipita kwenye mtihani huu kabla ya letu kuandikwa.

Hatua ya tano: mjaribie mtu asiyekujua

Usiwaulize watu kama wanalipenda neno. Watakujibu kwa adabu, au watakuambia kile wanachodhani mtu wa baraza anataka kusikia. Wape kazi. Andika kwenye karatasi maelekezo mafupi ya mistari minne, kwa mfano jinsi ya kufungua akaunti, ukiweka mgombea mmoja katika kila nakala. Mpe mtu simu na karatasi, kisha kaa kimya. Andika alipokwama, alichouliza, na baada ya kumaliza mwombe amwelekeze mtu mwingine kwa mdomo. Sikiliza ni neno gani litakalomtoka. Watu kumi na watano hivi, wa umri na elimu tofauti, wataonyesha mwelekeo ulio wazi kuliko mabishano ya siku nzima ukumbini.

Nilipofanya jaribio la namna hii sokoni, mama mmoja muuza vitambaa aliposoma "weka nywila" alinigeuzia simu na kusema, "Mwanangu, hapa wanataka nini?" Nakala yenye nenosiri aliisoma kwa sauti, akatua kidogo baada ya *neno*, akasema, "Siri, aa, kama ile ya pesa," akaandika tarakimu nne. Alilielewa neno kwa kulifananisha na alilolizoea, na papo hapo akakosea dhana, kwa sababu mfumo ulitaka herufi nane. Nilirudi nyumbani na mambo mawili: ukoo wa "siri" unafanya kazi kweli, nao unavuta upande mmoja. Dawa haikuwa kubadili istilahi. Ilikuwa kuongeza mstari mmoja chini ya kisanduku: "angalau herufi na tarakimu nane". Istilahi haitakiwi kubeba maelezo yote ya dhana. Inatakiwa kumfikisha mtu mlangoni.

Hatua ya sita: wahi, na uchague mlango wa kupitia

Kuna tofauti ndogo sana ya umbo kati ya UKIMWI na UVIKO. Yote mawili ni akronimu za Kiswahili, yote yanaanza na *u-* kama ugonjwa, yote yanatamkika, na yote yalitoka juu kwenda chini. Upungufu wa Kinga Mwilini lilifupishwa likawa neno ambalo leo watu hulitamka bila kukumbuka kwamba ni kifupi. Ugonjwa wa Virusi vya Korona halikufika hapo. Liko kwenye nyaraka, kwenye mabango na kwenye jina la mpango wa serikali ya Tanzania wa mwaka 2021, lakini ukimsikia mtu akisimulia msiba wa nyumbani kwake atasema korona.

Sababu kubwa ni wakati. Kabla ya UKIMWI kulikuwa na majina ya mahali mahali. Huko Kagera watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vikiuzwa mpakani, na kwingineko majina mengine. Hakuna lililotawala nchi nzima. Jina la Kiswahili lilifika pamoja na maelezo yenyewe, kwenye redio, kliniki na shuleni, na kwa watu wengi ndilo lililokuwa jina la kwanza. UVIKO lilifika baada ya watu kuishi na korona kwa miezi mingi. Korona lilikuwa limekwisha kutoholewa, lina silabi tatu laini, na halina tarakimu mkiani inayomlazimu msomaji wa taarifa kuchagua kati ya kusema kumi na tisa au naintini. Istilahi inayokuja kung'oa neno lililokwisha kuota lazima iwe na ubora mkubwa sana unaoonekana na msemaji mwenyewe, na mara nyingi haina.

Kwa hiyo ukipata kazi, uliza kwanza: kitu hiki kimefika lini, na watu wamekipa jina kwa muda gani? Kama bado ni kigeni mikononi mwa watu, una nafasi ya wiki au miezi michache, na ni afadhali utoe neno zuri kiasi mapema kuliko neno bora baada ya mwaka. Kama jina la mitaani limekwisha kukomaa, kazi yako ya haki ni kulisanifisha: weka tahajia moja, taja ngeli yake, liingize kwenye kamusi, na tumia nguvu zako kwa dhana ambazo bado hazina jina.

Kisha chagua mlango. Kijitabu ni kumbukumbu, hakisambazi neno. Milango ninayoiamini ni mitatu. Wa kwanza ni skrini na fomu, pale ambapo mtu hawezi kuendelea bila kulisoma neno. Wa pili ni wasomaji wa taarifa za habari na watangazaji wa michezo, ambao huhitaji neno linalotamkika kwa pumzi moja. Kaa nao nusu saa kabla ya kupitisha orodha, na yale wanayojikwaa nayo yarudishe. Wa tatu ni mtihani wa shule, wenye nguvu lakini mwembamba, kwa sababu hutoa neno linalojulikana na wengi na kusemwa na wachache, kama tulivyoona kwa tarakilishi.

Kwa mfano wetu, uamuzi wangu ni huu. Kwenye skrini na fomu za umma tumia nenosiri kwa siri ya kuchagua, namba ya siri kwa ile ya tarakimu nne, na namba ya uthibitisho kwa ile ya mara moja. Nywila libaki kwenye kamusi kama kisawe, na mfumo uliokwisha kulitumia usilazimishwe kulibadilisha, mradi usichanganye yote mawili ndani ya mfumo mmoja. Hilo la mwisho ndilo linaloumiza zaidi: nimeona ukurasa wenye "weka nywila" juu na "umesahau nenosiri?" chini, na mtumiaji akaamini anaombwa vitu viwili.

Hatua ya saba: pima baada ya mwaka, na ukubali kuondoa

Weka tarehe ya kurudi. Baada ya miezi kumi na miwili kusanya mahali hamsini ambapo dhana imetajwa kwa Kiswahili, kwenye magazeti, matangazo na ujumbe wa kampuni, na uzigawe katika mafungu manne: istilahi yako imetumika peke yake, imetumika ikifuatwa na "yaani" au na neno la kigeni, limetumika neno jingine, dhana imezungukwa kwa maelezo. Fungu la pili ndilo la kuliangalia kwa makini. Neno jipya likiwa na "yaani" katika miezi ya mwanzo ni jambo la kawaida, kwa kuwa ndivyo linavyofundishwa. Likiwa bado linahitaji "yaani" baada ya miaka mitatu, waandishi wanalitumia kwa heshima ya baraza tu, na maana inabebwa na neno la pembeni yake.

Dalili nyingine hazihitaji kuhesabu. Neno linalosemwa kwa kuigiza sauti ya mwalimu halijaingia. Neno ambalo wajumbe wenyewe hawalitumii wakati wa chai halijaingia. Neno lililoanza kuzaa bila ruhusa, likapata kitenzi, udogo au nahau mitaani, limeingia, hata kama liliundwa vibaya, na hapo hoja za mantiki zimekwisha muda wake.

Istilahi iliyoshindwa iondoe kwa maandishi. Katika toleo linalofuata la orodha iweke kama kisawe kisichopendekezwa, ielekeze kwa neno lililoshinda, na uandike mwaka wa mabadiliko, ili mfasiri atakayekutana nayo kwenye waraka wa zamani ajue ilimaanisha nini. Mabaraza huona aibu kufanya hivyo, na matokeo yake ni kamusi zenye majina manne ya kitu kimoja yaliyopangwa sawasawa kana kwamba yote yanasemwa, huku mwalimu wa kijijini mwenye kamusi moja tu akichagua la kwanza kwenye orodha na kulifundisha darasa zima.